Barua ya Shukrani kwa Mtu wa Kwenye Picha

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu ya kwanza huwa juu yangu mwenyewe. Nikiangusha kikombe, najitukana kabla hakijafika sakafuni. Shangazi yangu, aliyenilea nikiwa mdogo na kunivumilia nilipokuwa mkubwa, husema nilitoka tumboni nikigombana na mkunga. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba siku niliyomwandikia mtu barua pepe ya shukrani nikamwita kwa jina lisilo lake, nilikaribia kuirusha simu dirishani. Tulikuwa ghorofa ya tatu. Kilichonizuia ni nguo za jirani zilizokuwa zimeanikwa chini.

Wakati huo sikuwa na kazi. Duka la uchapishaji la River Road nilikokuwa karani lilikuwa limefungwa, mwenyewe amezeeka na watoto wake hawataki wino mikononi. Nilihamia kwa shangazi huko Muthangari nikawa nalala kwenye kochi lake, miguu ikining'inia upande mmoja. Yeye hakulalamika hata siku moja. Aliyelalamika ni kaka yangu, aliyebaki nyumbani upande wa Kakamega. Alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma: "Dada, mwezi huu ukiisha bila kazi, rudi nyumbani. Kuna poshomili yangu hapa, inataka mtu wa kuandika magunia." Nikakubali. Ahadi ni ahadi.

Simdharau mtu wa poshomili, jamani. Unga ndio uliotulea. Lakini mimi naupenda huu mji kwa moyo wangu wote, na kelele zake. Napenda kutembea kutoka River Road hadi Ngara nikiangalia bidhaa zilizopangwa hadi barabarani, nikiulizwa "Dada, unatafuta nini?" na watu wanaojua fika kwamba sitafuti kitu. Napenda kwamba hapa mtu anaweza kunifokea asubuhi na mchana tukanywa chai pamoja. Kurudi nyumbani nikiwa nimeshindwa, hapana, hilo sikulitaka.

Basi ikaja barua pepe ya kuitwa kwenye mahojiano. Kampuni yenyewe ilikuwa Ngara, ya familia moja ya Kihindi inayouza kwa jumla vifaa vya mabomba: mifereji ya maji, yaani koki, sinki, matangi ya choo, mabomba ya kila unene. Walitaka karani wa wateja, yaani mtu wa kupokea maagizo na malalamiko na kuyajibu. Malalamiko! Nikajiambia, hapo nimefika kwetu. Nimelalamika maisha yangu yote, sasa nitalipwa kuwasikiliza wenzangu.

Ofisi ilikuwa juu ya duka. Ukipanda ngazi unafika chumba chenye meza kubwa, kalenda ya kiwanda cha mabomba, na ukutani, palepale mbele ya kiti cha mgeni, picha kubwa ya mwanamume mwenye masharubu meusi na pua ya heshima. Shada la maua ya rangi ya machungwa lilikuwa limezungushwa kwenye picha, na chini yake jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Bosi mwenyewe alipoingia, nikaona pua ni ileile na masharubu ni yaleyale. Akanipa mkono, akataja jina lake, na kabla hajamaliza simu yake ikalia. Aliongea na fundi mmoja kuhusu koki iliyokuwa inavuja, akarudi kwangu, na hakulitaja jina tena. Wafanyakazi wote walikuwa wakimwita "Bosi" tu. "Bosi, lori limefika." "Bosi, sahihi hapa." Nami kila nilipoinua macho nilikutana na zile herufi za dhahabu, hadi nikalijua lile jina kuliko jina la kanisa letu.

Sasa, mtu atauliza, lile shada sikuliona? Nililiona sana. Lakini ngoja niwaulize nanyi. Kwetu mtu akivishwa shada, amefanya nini? Amehitimu. Mimi mwenyewe nilipopata diploma nilivishwa mashada ya kumetameta hadi masikioni, shangazi akisukuma watu ili aniongezee jingine, na ile picha bado iko sebuleni kwa kaka yangu. Kwa hiyo nilipomwona Bosi ukutani na shada lake, nikajua moja kwa moja: huyu bwana amepewa tuzo na wafanyabiashara wenzake. Nikamheshimu zaidi.

Mahojiano yalikwenda vizuri. Waliniletea chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, tamu ajabu. Bosi aliuliza maswali mafupi na kusikiliza majibu marefu. Swali la mwisho likanishinda kidogo. "Mteja anakupigia. Anasema ameagiza mifereji ya jikoni, wewe umempelekea ya bafu. Ni kosa lako. Utafanya nini?" Nikaanza kujibu, nikajikwaa, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Yeye alinyamaza tu akingoja. Sijui nilisema nini mwishoni. Akasimama, akanipa kadi yake, nami nikaipokea kwa mikono miwili na kuitia mfukoni mwa mkoba kwa adabu zote, bila kuisoma. Adabu nyingine hizi ni hasara tupu.

Rafiki yangu mmoja wa kanisani, anayefanya kazi za ofisi, alikuwa amenishauri niandike barua ya shukrani siku hiyohiyo, kabla hawajanisahau. Basi niliketi kwenye benchi la kibanda cha chai palepale Ngara, nikafungua ile barua ya mwaliko iliyotoka kwenye anwani ya ofisi, nikaijibu. Nilianza na "Mpendwa Bwana," kisha nikaweka lile jina la dhahabu kwa ujasiri. Nikamshukuru kwa kunikaribisha. Nikamshukuru kwa chai yake. Nikamshukuru hasa kwa subira yake, nikasema ni wazi yeye ni mtu mwenye subira isiyo ya kawaida na kwamba ningejivunia kufanya kazi chini ya mtu wa aina hiyo. Nilikuwa nimeongeza sentensi ya kumpongeza kwa tuzo, halafu nikaifuta nikiona nitaonekana najipendekeza. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba niliifuta. Nikabonyeza kutuma, nikaagiza mandazi, nikala nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza mambo yake.

Jioni shangazi alirudi kutoka kazini. Yeye ni mpokezi katika kliniki ya meno huko Westlands, ya daktari Mhindu, na amekaa pale mezani miaka mingi hadi wagonjwa wengine humwita daktari. Alivua viatu, akaketi, akasema, "Haya, nipe habari."

Nikampa zote, pamoja na masharubu. Akaipenda sana sehemu ya chai. Kisha akasema, "Hebu nione hiyo kadi." Nikaitoa mkobani nikampa. Akaisoma kwa sauti, jina la kwanza na la ukoo.

"La ukoo ndilo," nikasema. "La kwanza umesoma vibaya."

"Nimesoma vibaya nini? Miwani ninayo."

Nikaichukua. Haki ya nani, jina la kwanza halikuwa lile. Halikukaribiana hata kidogo na lile. Nikamwambia shangazi haiwezekani, kwa sababu jina lake liko ukutani, chini ya picha yake, ile aliyovishwa shada siku ya tuzo.

Shangazi akanitazama. "Picha yenyewe ina shada?"

"Ndiyo. La maua ya machungwa."

"Shada limevishwa mtu ndani ya picha, ama limetundikwa juu ya fremu?"

Nikafikiri. "Juu ya fremu."

Akaiweka miwani mezani polepole. "Mwanangu," akasema, "huyo alishafariki. Kwa Wahindi picha ikitundikwa shada, huyo ni marehemu. Daktari wetu ana ya mamake palepale kwenye mlango. Huyo uliyemwona atakuwa baba ya bosi."

Nikasikia sauti ya ajabu, na nilipogeuka nikamwona shangazi amejifunika uso kwa kitambaa cha kochi, mabega yakitikisika.

"Unacheka?"

"Sicheki."

"Unacheka, shangazi! Mimi nimemwandikia maiti barua, wewe unacheka!"

"Ulimwambia nini?" akauliza, machozi yakimtoka.

"Nilimshukuru kwa chai!"

Basi hapo alikwisha. Alicheka hadi akateleza kwenye kochi. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikiwaza yule bwana akifungua barua asubuhi na kukuta mtu anamsifu babake aliyezikwa, kama aliyekaa naye meza moja saa sita mchana. Nikaona poshomili. Nikaona kabisa magunia, na kaka yangu akinipa kalamu. Hapo ndipo simu ilipokaribia kwenda dirishani.

"Naifuta," nikasema. "Naifuta sasa hivi kabla hajaisoma."

"Hii si meseji ya kufutia kila mtu," shangazi akasema, akipanguza macho. "Barua pepe ikishatoka imetoka. Ile nafasi ya kuirudisha ni ya sekunde chache tu, na wewe umeshakula hata mandazi."

"Basi naandika nyingine yenye jina sahihi, naituma kana kwamba ile ya kwanza haikuwepo."

"Atakuwa na zote mbili. Atajiuliza kama hujui ulilofanya ama unamwona yeye ni mjinga."

"Nitasema simu ndiyo iliyobadilisha jina."

"Simu yako ilimjulia wapi marehemu?"

Shangazi akatulia, akavuta kiti akaketi mezani, akawa yule mtu wa kliniki sasa, mwenye sauti ya chini. Akasema kosa moja haliachi mke. Akasema pale mezani pake yeye huwaita watu kwa majina yasiyo yao mara kwa mara, kwa sababu wagonjwa ni wengi na wote wameshika mashavu, na dawa yake ni moja: unasema samahani mara moja, unasema jina sahihi, unaendelea na kazi. "Ukianza kulia lia, mgonjwa anaanza kukubembeleza wewe. Na yeye ndiye mwenye jino."

Nikasema sawa, nitaandika fupi. Nikaketi, nikaandika. Nilipomaliza nikamsomea. Ilianza kwa kuomba msamaha, ikaendelea na namna nilivyolelewa kuheshimu wafu, ikaeleza desturi za mahafali, ikatoa pole za msiba, ikataja kufufuka kwa Lazaro, ikaomba msamaha tena, na mwisho ikasema nitaelewa kabisa wakiamua kutoniajiri.

"Hiyo ndiyo fupi?" akauliza shangazi.

"Nimejizuia sana!"

"Pole za msiba za nini? Wewe unajua alikufa lini? Labda ni miaka ishirini. Unataka kumliza mtu kwa sababu ya mfereji?" Akaninyang'anya simu, akairudisha. "Na usimtaje babake kabisa. Akiona lile jina atajua ulilitoa wapi. Hilo mwachie mwenyewe. Na nani amekutuma umpe ruhusa ya kukunyima kazi? Toa. Toa yote hayo."

Nikakasirika. Nilimwambia yeye hana huruma, kwamba kosa kubwa linataka msamaha mkubwa. Akanijibu kitu ambacho sijakisahau: "Kosa lako lina neno moja. Wewe unataka asome ukurasa mzima kwa ajili ya neno moja. Huo msamaha ni wa nani, wako ama wake?"

Nikafuta yote. Iliniuma, hasa Lazaro. Nikaanza upya, na shangazi akanishurutisha niiandike kama jibu chini ya ileile barua ya mchana, ili akifungua azikute pamoja na asitafute, bila kubadilisha kichwa chake. Akaniwekea kadi mbele ya macho, nikanakili jina herufi kwa herufi, tukalisoma mara mbili, mara moja kila mtu. Tuliandika kwa Kiingereza cha ofisi, lakini kwa Kiswahili ilisema hivi tu, baada ya salamu na jina lake:

"Katika barua yangu ya mchana nilikosea jina lako. Samahani kwa kosa hilo. Shukrani zangu kwa mazungumzo ya leo ni zako, na bado ninaitaka sana kazi hii. Wako," na jina langu.

"Imekuwa kavu," nikasema.

"Imekuwa safi. Tuma."

Nikatuma. Jua lilikuwa bado halijazama juu ya miti ya Muthangari, na mtu fulani ghorofa ya chini alikuwa akikaanga samaki. Nikataka kuongeza nyingine ya kuuliza kama ile imefika. Shangazi akaichukua simu yangu, akaiweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya sufuria ya ugali, akasema, "Umerekebisha. Sasa yamekwisha. Ukirekebisha marekebisho utakuwa unafanya kosa jipya." Kisha akaanza kucheka tena, na safari hii nami nikacheka, kwa sababu kusema kweli ilichekesha. Tulikula tukicheka. Kila nilipoinua kikombe, shangazi alinishukuru kwa chai.

Kesho yake hakuna aliyepiga. Nilifua mapazia yote. Nikafua na ya jirani, yule mwenye nguo zilizoanikwa chini, akidhani nimeokoka. Siku iliyofuata, nikiwa nimepanda kiti nikiyarudisha mapazia, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Ni wewe umekuja mahojiano juzi?" sauti ikauliza. Niliijua mara moja.

Nikashuka kwenye kiti. "Ndiyo, Bosi."

"Barua yako nimepata mbili."

"Ndiyo, Bosi."

"Moja ni ya babangu." Nikalishika pazia kifuani. Ulimi ulikuwa tayari umebeba Lazaro, pole za msiba na mahafali, vyote vikisukumana kutoka. Sijui ni nguvu gani iliyonishika. Nikasema tu, "Ndiyo. Nilikosea. Samahani."

"Hiyo ya pili ndiyo yangu," akasema. "Hiyo nimesoma vizuri. Unajua aliyekuwa hapo kabla yako, akikosea mzigo wa mteja, ananyamaza wiki nzima. Nikimuuliza, ananiletea hadithi ndefu, mara dereva, mara mvua, mara mamake mgonjwa. Mteja amekaa huko Eldoret na nyumba haina maji, yeye anaandika hadithi. Mimi nilikuuliza hilo swali la mwisho, ukanijibu..." akatafuta neno, "ukanijibu mingi. Nikafikiri, ni wale wale. Nikaweka karatasi yako kando. Halafu jioni napata hii. Umekosea, umesema umekosea, umeweka sawa, basi. Hilo ndilo jibu lenyewe nilikuwa nangoja."

Nikasema asante. Nilitaka kusema mengi zaidi, nikayameza.

"Njoo Jumatatu asubuhi," akasema. "Na uje ukiwa umeshiba, Jumatatu malori ni mengi."

Simu ilipokatika nilipiga kelele iliyomtoa jirani nje. Nilikimbia chini nikamkumbatia na sabuni zake mikononi. Nikampigia shangazi kliniki, naye akaacha sauti yake ya chini na kupiga kigelegele mbele ya wagonjwa, na nikamsikia mgonjwa mmoja akiuliza kama kuna mtu amezaa. Nikampigia kaka yangu. Akasema, "Basi nitamtafuta mtu mwingine wa magunia," na kwa ile sauti nikajua alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikamaliza kutundika mapazia nikiimba, na moja nililitundika ndani nje. Sikulibadilisha.

Jumatatu nilifika kabla duka halijafunguliwa. Ndani, kwenye meza ya kupokea pesa, alikuwa ameketi mama mzee, amevaa sari ya samawati na sweta ya kahawia juu yake, miwani kwenye kamba. Siku ya mahojiano sikuwa nimemwona. Alinitazama nilipokuwa napita kuelekea ngazi.

"Simama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha mtu aliyeuza Ngara tangu ujana. "Wewe ndiye uliyemwandikia mume wangu?"

Nikasimama hapohapo. Kwenye simu Bosi alikuwa ametulia. Nilidhani mambo yamekwisha. Sikujua kwamba yupo mjane, na kwamba barua za ile anwani ya ofisi yeye ndiye huzifungua kwanza, kila siku, kabla ya kuzipeleka kwa mwanawe. Kwa hiyo alikuwa ameisoma akiwa peke yake. Nikaona aibu kweli sasa, si ile ya hasira bali ile ya kumwonea mtu huruma.

"Ndiyo, Mama. Ni mimi. Nilikosea jina. Samahani."

Akavuta droo ya meza, akatoa karatasi iliyochapishwa. Ilikuwa barua yangu ya kwanza, ile ya mchana. Akavaa miwani na kuanza kuisoma tena, kidole kikifuata mistari, kama mtu anayehakiki risiti. Vijana wa stoo walikuwa wakifungua milango ya chuma huko nje na kelele ilikuwa kubwa, lakini yeye hakuharakisha.

"Miaka yote hii," akasema, "barua zinazokuja kwa jina lake ni za benki na za watu wa maji. Hakuna mtu amemwambia asante." Akagonga karatasi kwa kucha. "Hapa kwa chai, umesema kweli. Hakuna mtu alipanda hiyo ngazi akashuka bila chai. Hata watu wa kodi alikuwa anawapa."

"Ilikuwa chai nzuri sana, Mama."

"Lakini hapa." Kidole kikateremka. Mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza. "'Mtu mwenye subira isiyo ya kawaida.' Subira? Yule?" Akavua miwani. "Alikuwa anamfokea mteja, anamfokea dereva, anaifokea redio. Siku ya harusi yetu alimfokea mpiga picha. Ungemtafutia jibu polepole vile ulimtafutia mwanangu, ungeshuka hiyo ngazi ukilia!"

Akacheka. Alicheka kwa mwili wote, sweta ikipanda na kushuka, machozi yakimtiririka na yeye hana haja ya kuyafuta, na kabla sijajua nilikuwa nimeinamia ile meza nami nacheka, huku nikimpenda yule mzee mkali nisiyewahi kukutana naye, maana nilimwelewa kabisa.

"Mama," nikasema nilipopata pumzi, "naweza kuandika nyingine nirekebishe na hilo."

Akaikunja karatasi mara mbili, akairudisha ndani ya droo, akaifunga.

"Wacha," akasema. "Mara moja tu, wacha asifiwe."